Brodkasti ya WhatsApp Iliuza Dresi Ngapi? Hivi Ndio Utajua Kama Doo Yako Ilirudi

Umetuma brodkasti Alhamisi jioni. Kufikia Jumamosi simu haitulii, dresi zinatoka, na dem wa kaunta anakuambia watu 25 wametaja kodi ya ofa. Unapiga hesabu ya haraka: dresi 25 kwa 1,600 ni 40,000. Ulitumia 2,300 pekee. Manze, unaanza kuangalia stoli ya pili pale ekzibisheni.

Tulia kwanza. Hiyo 40,000 ni ukweli, lakini si jibu la swali lako. Swali lako ni hili: kama hungetuma hiyo meseji, ni dresi ngapi zingeuzwa bado? Watu wako kwenye listi ya WhatsApp si wageni. Ni kastoma wako. Wengine wao walikuwa wanakuja tu, wakaona ofa njiani, na ukawapunguzia 200 bure. Na kuna wengine waliona meseji, wakaja dukani, wakalipa bei kamili na hawakutaja kodi hata kidogo, kwa hivyo kwa daftari yako brodkasti haikuwaleta.

Kodi peke yake inadanganya pande zote mbili. Ndio maana butiki ndogo inahitaji vitu vitatu pamoja: kodi, kikundi kidogo ambacho hakikutumiwa kitu, na simu za kufuatilia. (Na kodi hapa si ile landilodi anakungojea nayo kwa geti. Ni lile neno kastoma anataja ndio apate ofa.)

Tutumie duka moja la mfano mwanzo hadi mwisho. Tuseme uko na stoli ya dresi za ofisi tao, Nairobi. Dresi moja inakufikia dukani na 1,100, pamoja na usafiri. Bei yako ni 1,800. Ofa ni 200 chini, yaani 1,600, kwa siku 7 kuanzia Alhamisi. Kwa simu ya biashara uko na kastoma 350 waliokubali kutumiwa meseji.

Gawanya listi kabla hujatuma kitu

Makosa mengi hufanyika hapa, kabla hata meseji haijaandikwa. Watu huweka kila mtu kwa listi moja na kubonyeza tuma. Ukifanya hivyo, hakuna hesabu ya baadaye itakayokuokoa, ju huna mtu wa kulinganisha naye.

Toa kwanza makundi mawili. La kwanza ni wale wamenunua ndani ya miezi mitatu iliyopita. Tuseme ni 150. La pili ni waliopotea, wale hujawaona zaidi ya miezi mitatu. Hao ni 200. Usiwachanganye, ju utaona mbele kwamba meseji ileile inaweza kukuletea doo kwa kundi moja na kukukula kwa lingine.

Sasa, kwa kila kundi, acha mmoja kati ya kila watano bila kutumiwa. Panga majina kwa alfabeti, kisha chora mstari kwa jina la tano, la kumi, la kumi na tano, hivyo hivyo hadi mwisho. Usichague kwa roho. Ukisema "huyu najua hatanunua, wacha nimwache," umeshaharibu kipimo, ju kikundi ulichokiacha kitakuwa kimejaa watu wasionunua na brodkasti itaonekana moto kuliko venye iko.

Kwa mfano wetu, wanunuzi wa karibuni 120 watatumiwa na 30 wataachwa. Waliopotea 160 watatumiwa na 40 wataachwa. Najua inauma kuacha watu 70 bila ofa. Lakini hao 70 ndio watakuambia wiki ya kawaida ingekuwa aje, na hakuna mtu mwingine anaweza kukuambia.

Kuna mtego mmoja hapa wa Status. Ukiweka ofa ileile kwa Status, wale ulioacha wataiona na kipimo kimeisha. Wiki hiyo usiposti ofa huko, ama uwafiche hao 70 kwa mipangilio ya faragha ya Status. Na kama duka lina ukurasa wa Instagram ambao kastoma wengi wanafuata, ofa isiguse huko pia hadi siku 7 ziishe.

Kitu kingine cha kujua kabla ya kutuma: listi moja ya brodkasti inabeba watu wasiozidi 256, na meseji inamfikia tu yule ameseivu namba yako kwa simu yake. Hii ndio inawashika wengi. Wewe umemseivu yeye, lakini yeye hakukuseivu, basi meseji inabaki tiki moja hadi kesho kutwa. Tiki moja pia inaweza kuwa simu imezimwa, bando imeisha ama amekublok, na huwezi kujua ni gani kwa kuangalia tu.

Baada ya siku mbili, shikilia meseji yako, ingia sehemu ya maelezo yake, uangalie ni wangapi imewafikia na wangapi wameisoma. Kwa waliopotea, tuseme imefika kwa 118 kati ya 160. Hao 42 hawajakataa ofa yako, hawajaiona. Kuhusu tiki za bluu, usiziamini sana. Kuna watu wamezima hiyo kitu, wanasoma kila kitu na wewe huoni.

Kodi moja kwa kila listi, na iwe neno la kawaida

Kodi nzuri ni ile mtu anaweza kuitaja kwa simu akiwa ndani ya matatu yenye ngoma iko juu na bado ukamsikia. Kwa hivyo achana na vitu kama "OF0R20B", ambapo sufuri na herufi ya O zinapigana. Tumia maneno mawili yasiyofanana. Sisi tutapatia wanunuzi wa karibuni EMBE, na waliopotea NDIZI. Ukitumia OFA1 na OFA2, nusu ya watu watasema tu "ofa" na umebaki hapo.

Meseji yenyewe iwe sawa kwa listi zote mbili, picha sawa, saa sawa, ofa sawa. Kitu pekee kinachobadilika ni kodi. Weka pia linki inayofungua chati yako na kodi ikiwa tayari imeandikwa, ndio kastoma asisumbuke:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=NDIZI
```

Namba inaanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri. Akibonyeza, neno NDIZI linakaa kwa sehemu ya kuandika, yeye anatuma tu. Hiyo meseji inakupa vitu viwili mara moja: kodi, na namba ya aliyeituma. Namba ndio dhahabu, utaona kwa nini.

Ju linki inaweza kufowadiwa. Kastoma anampelekea beshte yake, beshte anapelekea chama kizima, na ghafla una NDIZI kutoka kwa namba ambazo hazimo kwa listi yako. Si mbaya, ni biashara. Lakini waandike kwa ukurasa wao, "wageni", na usiwachanganye na hesabu ya listi. Ukiwachanganya utafikiri waliopotea wanarudi kwa fujo, kumbe ni watu wapya kabisa.

Kaunta ndio hesabu huchafukia

Hapa nitakaa kidogo ju nimeona hii kitu ikirudia. Mteja ameingia kutoka barabarani, hajui WhatsApp yako wala listi yako. Anaomba apunguziwe. Dem wa kaunta, akitaka tu kufunga mauzo, anamwambia "sema EMBE nikupunguzie." Kwa daftari hiyo ni EMBE moja. Kwa ukweli ni mtu aliyepita tu na diskaunti uliyomzawadi.

Unajuaje hii inafanyika? Angalia mistari yenye kodi lakini haina namba ya simu. Ama shifti moja ina kodi mara tatu ya shifti nyingine na mauzo ya jumla ni yaleyale. Ama EMBE imetoka kwa namba ambayo haiko popote. Suluhisho si kugombana na mtu. Weka sharti moja: kodi inahesabika tu kama kastoma ameonyesha meseji kwa simu yake ama ametuma kodi kwa chati, na namba imeandikwa. Wengine wanaotaka kupunguziwa, punguza kama ungepunguza siku yoyote, lakini andika "bei ya kaunta", si EMBE.

Sharti la pili ni gumu zaidi na ndilo la maana zaidi: wiki hiyo, namba ya simu inaombwa kwa kila mauzo, awe na kodi ama hana. Bila hiyo hutajua nani kati ya wale 70 ulioacha amenunua, wala nani alipokea meseji akanunua kimyakimya. Usitegemee meseji ya M-Pesa ikufanyie hii kazi. Dresi inaweza kulipwa na jamaa yake, ama na laini ya mamake, na jina linalokuja kwa tili halifanani na mtu yeyote kwa listi.

Na uliza vizuri: "Tunaweza kukuandikia namba, tukupigie baada ya siku mbili tatu kujua kama dresi imekufaa?" Akikataa, sawa, andika "hakutaka" na umwachie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali waziwazi kabla hujatumia data yake kibiashara, kwa hivyo kuokota namba kwa meseji za tili na kuzitupa kwa brodkasti ni kujitafutia maneno. Mwisho wa meseji yako pia weka mstari mmoja: "Hutaki meseji zetu? Jibu TOA." Na anayejibu TOA, mtoe siku hiyo hiyo.

Kwa kurekodi, karatasi ya Google Sheets inatosha. Safu A ni namba, B ni listi yake (EMBE ama NDIZI), C ni kama alitumiwa (NDIO ama LA), D ni kodi aliyotaja kama ipo, E ni pesa aliyolipa. Ukitaka kujua ni wangapi wa NDIZI waliotumiwa wakanunua, andika hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,"NDIZI",C:C,"NDIO",E:E,">0")
```

Badilisha NDIO iwe LA, unapata wale ambao hawakutumiwa na bado wakanunua. Hizo namba mbili ndizo utashindanisha.

Simu za kufuatilia: nani, lini, na unauliza nini

Huhitaji kupigia watu wote 280. Pigia vikundi vitatu vidogo. Cha kwanza ni wote walionunua bila kodi na wako kwa listi iliyotumiwa. Cha pili ni kama kumi kati ya waliotumia kodi. Cha tatu ni kama ishirini waliosoma meseji na hawakununua. Kwa mfano wetu hizo ni simu 37, kazi ya jioni mbili.

Piga siku ya pili ama ya tatu baada ya mtu kununua, kabla hajasahau. Wale hawakununua, wapigie ofa ikishaisha, ndio wasione unawasukuma. Tumia laini ileile ya duka, ju siku hizi namba ngeni ikipiga mtu anafikiri ni watu wa mikopo.

Swali la kwanza ndilo linaharibu simu nyingi. Ukianza na "uliona meseji yetu?" kila mtu atasema ndio. Ni heshima tu, hataki kukuangusha. Anza hivi: "Asante kwa kununua kwetu. Nilikuwa tu nataka kujua, ni nini kilikuleta dukani wiki hii?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Kama meseji ndiyo ilimleta, atasema mwenyewe: "Niliona ile picha ya dresi ya kijani." Kama haikumleta, utasikia "nilikuwa na intavyu Jumatatu" ama "nilikuwa tu napita kuelekea stejini." Andika maneno yake venye ameyasema, usiyapige pasi.

Swali la pili ni kwa waliotumia kodi: "Na kama haingekuwa na ofa, ungenunua tu ama ungengoja?" Watu hawajui sana kujibu maswali ya kama, kwa hivyo hili jibu lisiwe hesabu yako kuu. Ni la kuthibitisha kile kikundi ulichokiacha kinasema. Vikikubaliana, una kitu. Vikipingana, mwamini yule aliyelipa ama hakulipa, si yule aliyeongea.

Kwa hawakununua, swali ni moja: "Kuna kitu kilikosa kwa ile ofa?" Na anayepiga simu haruhusiwi kuuza. Akianza tu "lakini bado tuko nazo mbili," kastoma atatafuta njia ya kumaliza simu, na ukweli umepotea.

Kwa duka letu la mfano, simu zilileta hivi. Walionunua bila kodi walikuwa 7. Wanne waliona meseji wakasahau kodi ama waliona aibu kuitaja mbele ya watu. Watatu hawakuwa wameiona kabisa. Kati ya waliotumia EMBE, 6 walipigiwa na 5 wakasema walikuwa wanapanga kununua tu. Kati ya waliotumia NDIZI, 4 walipigiwa, na 3 walisema walikuwa wamesahau duka liko. Ishirini waliosoma bila kununua, 13 walishika simu: 6 walitaka saizi 16 na 18 ambazo hukuwa nazo, 4 walikuwa wanangoja mwisho wa mwezi, 2 waliona bei iko juu, na mmoja akaomba atolewe.

Hao sita wa saizi ndio wanalipia hizo simu zote. Hakuna kodi duniani ingekuambia kwamba meseji yako ilifanya kazi na stoku ndiyo iliangusha.

Sasa hesabu yenyewe

Tuanze na EMBE, wanunuzi wa karibuni. Waliotumiwa ni 120. Walionunua na kodi ni 14, bila kodi 4, jumla 18. Wale 30 ulioacha, 4 walinunua bila kusukumwa na mtu. Wanne kwa 30 ni sawa na 16 kwa 120. Yaani hata ungelala, 16 kati ya hao 120 wangekuja. Brodkasti imeongeza watu wawili pekee.

Sasa angalia faida, si mauzo. Dresi ya ofa inakuachia 500, ya bei kamili inakuachia 700. Kodi 14 zimekupa 7,000, na wale 4 wa bei kamili wamekupa 2,800. Jumla 9,800. Lakini wale 16 ambao wangekuja tu wangelipa bei kamili: 16 mara 700 ni 11,200. Kwa kundi hili umepoteza 1,400. Umesoma sawa. Meseji iliyojaza duka imekutoa doo mfukoni, ju 200 ni asilimia 11 tu ya bei, lakini ni karibu asilimia 29 ya faida yako kwa dresi moja, na umeigawa kwa watu ambao hawakuihitaji.

NDIZI sasa. Waliotumiwa ni 160. Na kodi walinunua 11, bila kodi 3, jumla 14. Wale 40 walioachwa, mmoja tu alinunua. Mmoja kwa 40 ni sawa na 4 kwa 160. Kwa hivyo watu 10 wamekuja kwa sababu ya meseji. Faida: 11 mara 500 ni 5,500, na 3 mara 700 ni 2,100, jumla 7,600. Bila meseji ungepata 4 mara 700, yaani 2,800. Ziada ni 4,800.

Weka zote pamoja: 4,800 toa 1,400 ni 3,400. Hiyo ndiyo faida ambayo brodkasti imeleta kwa ukweli. Gharama ilikuwa mpiga picha 1,000, bando 200, kredo ya simu 500, na 600 ya mwenye alibaki jioni mbili kupiga simu. Jumla 2,300.

```
(faida ya ziada - gharama) / gharama x 100
(3400 - 2300) / 2300 x 100 = 48
```

Kwa kila mia uliyoweka, mia imerudi na 48 juu yake. Si mbaya, lakini iko mbali sana na ile "2,300 imeleta 40,000" uliyokuwa unaenda kumwambia mtu wa stoli ya pili. Na ungetumia NDIZI pekee kwa gharama ileile, ungebaki na 2,500 badala ya 1,100.

Kumbuka hatukutumia kodi kuhesabu nani "ameletwa". Tumetumia kila mtu aliyenunua kwa kila kundi, mwenye kodi na asiye na kodi. Kazi ya kodi ilikuwa kuonyesha nani alilipa 1,600 na nani alilipa 1,800, na kukushtua pale kaunta inapocheza. Kama kastoma alichukua dresi na mshipi juu, hesabu faida ya risiti yote, mradi umefanya vivyo hivyo kwa wale ulioacha.

Watu wachache wanaweza kukupindua

Kabla hujaapa kwamba hutawahi kumtumia mnunuzi wa karibuni ofa tena, jaribu hii. Kwa wale 30 walioachwa wa EMBE, walinunua 4. Kama mmoja angepata homa na kubaki nyumbani, wangekuwa 3. Hiyo ni sawa na 12 kwa 120, faida ya bila meseji inashuka hadi 8,400, na hasara yako ya 1,400 inageuka kuwa faida ya 1,400. Mtu mmoja amesogeza 2,800. Kwa hivyo kwa EMBE, wiki moja haijakuambia kitu kwa uhakika. Kinachofanya nishuku ni hasara ni zile simu, watano kati ya sita wakisema walikuwa wanakuja tu.

NDIZI imesimama vizuri zaidi. Hata kama wawili badala ya mmoja wangenunua kwa wale 40, ziada bado ingekuwa 2,000. Lakini wangekuwa watatu, ungekuwa chini kwa 800. Fanya raundi tatu za aina hii, miezi tofauti, kila mara ukichagua upya nani ataachwa ndio mtu mmoja asikose ofa kila wakati. Kisha jumlisha raundi zote tatu kabla ya kupiga hesabu ya mwisho.

Usifunge daftari siku ya saba pia. Dresi zingine zitarudishwa, hazijatosha ama zipu imegoma, na hizo zinatoka kwa hesabu. Na kuna watu ambao ofa iliwafanya wanunue leo kitu walichopanga kununua tarehe 30. Endelea kuandika namba za wanunuzi hadi siku 30 ziishe tangu utume, kwa waliotumiwa na walioachwa. Kama walioachwa wanakuja kwa wingi mwisho wa mwezi na waliotumiwa wamenyamaza, ziada yako ilikuwa mauzo ya kesho uliyoyavuta leo kwa bei ya chini.

Raundi ya pili ya duka letu ingekaa hivi: NDIZI wapate ofa ya 200 tena, na saizi 16 na 18 ziwe kwa rafu kabla meseji haijatoka. EMBE watumiwe picha ya mzigo mpya kwa bei kamili, bila diskaunti, na kodi ibaki kwa ajili ya kuwekewa dresi kando hadi jioni. Wale 42 wa tiki moja wapigiwe simu fupi ama watumiwe SMS ya kuomba waseivu namba ya duka. Na brodkasti itoke Alhamisi ya kwanza baada ya mishahara kuingia, ju wale wanne walishakuambia wanangoja nini.